Tezi ya 37 na tezi ya 90: kwa nini ndogo ndiyo iliyoziba mkojo

Fundi alikuja na cheti cha altrasaundi kilichokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, na swali alilolitafuna njia nzima kutoka Mbagala. Ana miaka 67, ameshona suti na kanzu Kariakoo kwa zaidi ya miaka 30, na mambo ya sentimita hayamsumbui. "Dokta," akasema, "mimi nimeandikiwa tezi 37. Jirani yangu, muuza samaki wa Feri, kaandikiwa 90. Yeye analala mpaka adhana ya alfajiri. Mimi naamka mara nne, na nikifika chooni nasimama kama mtu anayesubiri kivuko. Hawakutubadilishia vyeti?"

Vyeti havikuwa vimebadilishwa. Nilivisoma vyote viwili, maana alikuja na cha jirani pia. Cha kwake kilikuwa na vipimo vya upana, urefu na unene: 4.6, 4.0 na 3.9. Ukizidisha hizo sentimita tatu, kisha ukazidisha na 0.52 kwa sababu tezi ina umbo la yai na si la boksi, unapata mililita 37. Cha muuza samaki kilikuwa 6.2, 5.4 na 5.2, na hesabu hiyohiyo inatoa 90. Mashine haikukosea. Kilichokosewa ni dhana tuliyoizoea wengi hapa mjini, kwamba tezi dume ni kama jipu: likiwa kubwa linabana, likiwa dogo halina neno.

Kabla sijaenda mbali niseme tezi yenyewe iko wapi, kwa sababu hata hilo linachanganywa. Tezi dume si korodani. Wala haihusiani na busha, ambalo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, wala na ngiri, ambayo ni utumbo uliopenya pasipo pake. Wazee wa pwani huyaita yote matatu "ugonjwa wa kiume", na nimeshapokea mtu aliyepasuliwa ngiri akidhani ametibiwa tezi. Tezi dume iko ndani kabisa, huwezi kuiona wala kuishika kwa nje. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo iliyobonyezwa, kama mililita 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Na mkojo? Kwa mkojo haina kazi kubwa. Tatizo ni kwamba mkojo hauna njia nyingine ya kupita.

Mrija wa mkojo ukitoka kibofuni unaingia juu ya tezi, unapita katikati yake kwa takribani sentimita 3, kisha unatokea chini na kuendelea kwenye uume. Fikiria uzi unaopita ndani ya punje ya tasbihi. Ila huu si uzi ulionyooka. Karibu na nusu ya safari mrija unapinda kuelekea mbele kwa pembe ya kama digrii 35, na hapohapo penye kona, ukutani kwa nyuma, kuna kichuguu kidogo chenye matundu ya mirija inayoleta mbegu. Hicho kichuguu kishike akilini. Daktari anayefanya upasuaji wa tezi kwa kupitia njia ya mkojo anakitumia kama dereva anavyotumia kituo cha mwisho: hapiti hapo. Chini yake kidogo kuna msuli unaotuzuia tusijikojolee.

Kwa muda mrefu tezi dume ilichorwa vitabuni kama kitu chenye mapande, la kulia, la kushoto, la kati na kadhalika, kufuata michoro ya tezi za watoto walio bado tumboni. Kuanzia 1968 mtaalamu wa maabara wa Marekani, John McNeal, alionyesha kwamba tezi ya mtu mzima haigawanyiki hivyo. Wengine walizoea kuikata vipande vya mkingamo, kama mtu anavyokata mkate. Yeye aliikata kwa kufuata mwelekeo wa mrija wenyewe, na hapo ndipo kanda zake zikaonekana. Neno kanda wana Dar wanalijua vizuri, tuna hata Kanda Maalumu ya Polisi, na kama ilivyo huko, kila kanda ya tezi ina matatizo yake.

Kanda ya pembeni ndiyo kubwa, karibu asilimia 70 ya tishu yenye vitezi kwa kijana. Inaifunika tezi kwa nyuma na ubavuni kama kikombe. Ndiyo inayoguswa na kidole cha daktari katika kile kipimo kinachotungiwa utani kila kijiwe cha kahawa, na ndiyo inayozaa saratani nyingi za tezi dume. Kanda ya kati ni kama asilimia 25, imezunguka mirija ya mbegu nyuma ya sehemu ya juu ya mrija wa mkojo, nayo mara nyingi huzeeka kimya. Mbele kuna ukuta wa misuli na nyuzi usio na vitezi kabisa.

Ikabaki kanda ya mpito. Hii ni asilimia 5 tu. Kwa tezi ya mililita 20 ni sawa na mililita 1, yaani nusu mililita kulia na nusu kushoto, mithili ya haragwe moja kila upande. Haragwe hizo mbili zimekaa ubavuni mwa mrija wa mkojo, juu kidogo ya kile kichuguu cha konani. McNeal alionyesha mwaka 1978 kwamba ukuaji wa uzeeni usio wa saratani hauanzii kwenye lile kanda kubwa la pembeni, wala kila mahali kwa pamoja. Unaanzia hapa, kwenye hii asilimia 5, pamoja na vitezi vidogo sana vilivyougusa ukuta wa mrija wenyewe.

Hapo tu tumeshapata nusu ya jibu la fundi. Mwili umeweka sehemu inayopenda kukua uzeeni mahali pabaya kuliko pote, kando ya bomba. Kama ukuaji huu ungetokea kwenye kanda ya pembeni, mwanamume angeweza kubeba tezi ya ukubwa wa embe dodo na mkojo ukatoka bila kujua lolote. Ndiyo maana saratani inayoanza pembeni huwa kimya miaka mingi. Iko mbali na mrija, haina cha kubana. Watu huniambia, "Mimi nakojoa vizuri, kwa hiyo sina saratani ya tezi." Hayo ni mambo ya kanda mbili tofauti, na hii moja haiwezi kuitolea ushahidi ile nyingine.

Niseme pia kuhusu neno "kuvimba". Tunalitumia wote, na mimi nalitumia nikiwa na haraka, lakini linapotosha. Kuvimba ni kwa jeraha au maambukizi: kunakuja, kunauma, kunapoa kwa dawa. Kinachotokea kwenye kanda ya mpito ni kuota. Chembe za vitezi na za misuli zinazidi kidogo kidogo kwa amri ya homoni ya kiume, zinajikusanya kuwa vinundu, na kila kinundu kinasukuma mwenzake. Wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati hali hii. Karibu nusu ya wanaume wenye miaka ya 50 wana vinundu hivi ukiangalia tezi zao kwa hadubini, na wanaofika miaka ya 80 wengi wao wanavyo. Wengi kati yao hawana tatizo la kukojoa linalohitaji tiba. Antibayotiki za duka la dawa haziwezi kuondoa kinundu kilichoota, hata ukinywa dozi tano.

Sasa, kinundu kinaota, lakini kwa nini kibane mrija badala ya kutanukia nje? Panda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Viti viko pande mbili, njia iko katikati, na bodi ni bati. Abiria wa pembeni wakiwa wanene, bati halitanuki hata sentimita moja, kwa hiyo mabega na magoti yote yanaishia kwenye njia ya katikati, na kondakta anapita kwa ubavu. Tezi dume ya binadamu nayo ina gamba gumu kwa nje. Vinundu vikisukuma kuelekea nje vinakutana na kanda ya pembeni iliyobanwa dhidi ya gamba hilo. Vikisukuma kuelekea ndani vinakutana na mrija, ambao ni laini. Vinasukuma ndani. Tundu la mrija likibanwa kutoka kulia na kushoto linageuka kuwa ufa mwembamba, tena mrefu kuliko mwanzo, kwa sababu tezi nayo imerefuka.

Mbwa dume wazee tezi zao hukua sana, lakini kwa kawaida hawapati shida ya kukojoa. Tezi ya mbwa haina gamba la kubana kama letu, kwa hiyo inatanuka kwenda nje, na kinachobanwa ni njia ya haja kubwa iliyo nyuma yake. Mbwa huyo anajikamua kwenye choo kikubwa, si kwenye mkojo. Ukubwa upo, kizuizi cha mkojo hakipo. Muuza samaki wa Feri anaweza kuwa na gamba legevu kiasi kuliko la fundi, au vinundu vyake vimechagua upande wa nje. Altrasaundi ya tumboni haiwezi kunieleza ni lipi, lakini inaniambia kwamba kibofu chake kinabaki na mililita 20 tu baada ya kukojoa. Hiyo inanitosha kujua kwamba njia, kwa sasa, inapitika.

Cheti cha fundi kilikuwa na mstari mmoja ambao hakuusoma kwa sababu macho yake yalikimbilia 37. Uliandikwa hivi: pande la kati limechomoza ndani ya kibofu kwa milimita 13, mkojo uliobaki baada ya kukojoa, mililita 170. Mstari huo ndio uliokuwa unamwamsha mara nne.

Nilimchorea nyuma ya cheti. Hilo pande la kati si ile kanda ya kati inayozeeka kimya. Vile vitezi vinavyougusa mrija, vikiwa chini kidogo ya shingo ya kibofu kwa upande wa nyuma, vinaweza kuota kuelekea juu. Huko juu hakuna gamba. Kuna shingo ya kibofu tu, ambayo ni tundu laini. Kinundu kinaipenya, kinachungulia ndani ya kibofu kama ulimi. Kibofu kinapojikaza ili kutoa mkojo, shinikizo linausukuma ule ulimi uangukie kwenye tundu la kutokea, kama kizibo cha beseni. Kadiri mtu anavyojikamua kwa nguvu ndivyo kizibo kinavyokaza. Fundi akacheka, akasema ndiyo maana akijikamua mkojo unakata, akitulia unarudi kidogo.

Kwa uzoefu wa vipimo, kuchomoza chini ya milimita 5 si neno kubwa, na kukizidi milimita 10 wengi wao wana kizuizi cha kweli. Lakini kipimo hiki kina masharti. Kibofu kiwe na mkojo wa wastani, kama mililita 100 hadi 200. Kikiwa kitupu ulimi hauonekani, na kikijaa kupita kiasi unalazwa bapa na unaonekana mfupi. Ndiyo maana mpiga picha anakwambia unywe maji usubiri, hakutesi. Na kidole cha daktari hakiwezi kuugusa ulimi huu, kwa sababu kidole kinafika nyuma ya tezi tu, ilhali wenyewe uko juu ndani ya kibofu. Kipimo cha kidole cha fundi kiliandikwa "tezi imekua kidogo, laini, haina vinundu vigumu". Kilikuwa sahihi, ila kilikuwa kinazungumzia upande mwingine wa nyumba.

Watu wengi hufikiri mrija wa mkojo ni kama bomba la plastiki la ukutani, lililo wazi muda wote. Si hivyo. Mrija ukiwa hauna mkojo unalala bapa, kuta zake zimegusana, kama mpira wa bustani wakati maji yamekatika. Mkojo wenyewe ndio unaoufungua kwa shinikizo la kibofu. Kwa hiyo kizuizi maana yake ni kwamba kibofu kinahitaji nguvu nyingi zaidi ili kuzitenganisha kuta hizo. Pale penye dakika mbili za kusubiri, hakuna kitu kilichokwama. Kibofu kinajipandisha shinikizo mpaka kufikia kiwango cha kufungua mlango. Kikichoka katikati, kuta zinafunga na mkojo unakata. Kikipumzika, kinaanza upya.

Hatuna pale kituoni mashine ya kupima kasi ya mkojo, kwa hiyo huwa natumia jagi la plastiki lenye alama za mililita na saa ya simu. Fundi alijaza mililita 200 kwa sekunde 50. Hiyo ni mililita 4 kwa sekunde kwa wastani. Mashine hutoa kasi ya juu kabisa, si wastani, na kwa kasi hiyo ya juu tunapenda kuona 15 au zaidi. Chini ya 10 tunaanza kushuku kizuizi. Jagi haliwezi kunipa kilele hicho, lakini wastani wa 4 hauhitaji ubishi. Angalizo moja: mtu akikojoa chini ya mililita 150 kipimo hakiaminiki, kwa sababu hata kijana akiwa na mkojo kidogo kasi yake inakuwa ndogo.

Kuna mtego mwingine. Mkojo dhaifu unaweza kuwa mlango mgumu, na unaweza pia kuwa kibofu kilicholegea. Mwenye kisukari cha miaka mingi neva za kibofu chake zinaweza kufa ganzi, kibofu kisijikaze, na mkojo ukatoka kwa unyonge uleule huku tezi haina kosa. Jagi haliwezi kuwatofautisha hawa wawili. Kinachowatofautisha ni kipimo cha kuweka mrija mwembamba ndani ya kibofu na kupima shinikizo wakati mtu anakojoa: shinikizo kubwa na mkojo kidogo ni kizuizi, shinikizo dogo na mkojo kidogo ni uchovu wa kibofu. Si kila mtu anakihitaji. Fundi hakuwa na kisukari, na picha ilionyesha ukuta wa kibofu umenenepa, kama msuli wa mtu anayebeba magunia bandarini. Kibofu kilicholegea tangu mwanzo hakijengi msuli hivyo.

Kwa nini sasa kuamka usiku, kama tatizo ni mlango? Hili lilimchanganya sana, maana alikuwa ameacha kunywa chai ya jioni na hakuona tofauti. Kibofu chake kinajaa kwenye mililita 400. Zikibaki 170 kila mara, nafasi anayoitumia kwa kweli ni 230. Figo zikitoa mililita 70 hivi kwa saa, nafasi hiyo inajaa kwa saa tatu na kidogo. Ukiongeza kwamba ukuta ulionenepa unakuwa na wepesi wa kushtuka na kujikaza kabla haujajaa, saa tatu zinakuwa mbili. Lala saa nne, amka saa sita, saa nane, saa kumi, na tena karibu na alfajiri. Mara nne bila kunywa hata kikombe kimoja.

Na lile analolionea aibu zaidi: matone baada ya kumaliza. Anakojoa, anatawadha, akiinama kurukuu anahisi tone limetoka, na udhu umevunjika. Alikuwa ameacha kwenda msikitini kwa sababu hiyo, akamwambia mkewe ni magoti. Matone hayo ni mkojo uliobaki mrijani kwa sababu haukusukumwa kwa nguvu ya kutosha kutoka wote. Kukaa dakika moja zaidi na kubonyeza kwa kidole nyuma ya korodani kuelekea mbele huutoa mwingi. Hakutibu tezi, lakini kulimrudisha kwenye safu.

Hatari kubwa ya fundi haikuwa hayo yote. Ilikuwa dawa ya mafua. Ndani ya shingo ya kibofu na ndani ya tezi yenyewe kuna misuli inayojikaza bila sisi kuiamuru, na dawa nyingi za kufungua pua hufanya kazi kwa kukaza misuli ya aina hiyohiyo. Zile za aleji zinazoleta usingizi hulegeza msukumo wa kibofu. Mtu mwenye mlango uliokwishakuwa mgumu akinywa mchanganyiko huo usiku, mlango unakaza na msukumo unapungua kwa wakati mmoja, na asubuhi hakuna hata tone. Tumbo la chini linajaa kama ngoma na maumivu yake hayasimuliki. Huyo ni wa kuwekewa mpira wa mkojo saa hiyohiyo. Kuna aina nyingine ya kuziba inayokuja polepole bila maumivu, ambapo mkojo unajaa kupita kiasi na kuanza kuvuja wenyewe usiku kitandani. Familia hudhani mzee amezeeka akili, kumbe shinikizo limesharudi nyuma mpaka kwenye figo. Mzee anayelowesha kitanda apimwe kibofu na kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, kabla ya kununuliwa nepi.

Tukaja kwenye tiba, na hapa ramani ya kanda inalipa. Dawa za kundi la tamsulosini hulegeza ile misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi. Hazipunguzi ukubwa hata kidogo, lakini hufanya kazi ndani ya siku chache. Fundi alipewa miligramu 0.4 kila usiku kwa wiki sita. Muda wa kusubiri chooni ulipungua kidogo, mkojo uliobaki ukashuka kutoka 170 hadi 150 tu. Sikushangaa: ulimi wa kinundu ulioning'inia kwenye tundu haulegezwi kwa kulegeza msuli. Dawa ya kundi jingine, finasteridi, hukata amri ya homoni na kupunguza tezi kwa kama robo, lakini inachukua miezi sita na inasaidia zaidi wenye tezi kubwa. Huyo ni muuza samaki siku akianza kubanwa, maana tezi ya 90 hata ikiwa kimya leo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuziba baadaye. Nilimtumia salamu hizo kupitia fundi. Na akiianza dawa hiyo, kipimo chake cha damu cha PSA kitashuka takribani nusu, saratani iwepo au isiwepo, kwa hiyo kila atakayekisoma lazima ajue anainywa.

Fundi alikwanguliwa tezi kwa kupitia njia ya mkojo, bila kisu cha tumboni. Daktari mpasuaji aliingiza chombo chenye kamera na waya wa umeme, akaondoa ule ulimi na vinundu vya kanda ya mpito vipande vipande, kutoka shingo ya kibofu mpaka kwenye kile kichuguu, akasimama. Alikaa na mpira siku tatu. Mkojo ulikuwa mwekundu, kisha rangi ya chai, kisha wa kawaida. Vipande vilipelekwa maabara, majibu yakawa ukuaji usio wa saratani. Alionywa kabla kwamba shahawa zitakuwa zinarudi kibofuni badala ya kutoka, kwa sababu shingo ya kibofu iliyokuwa ikizizuia imefunguliwa. Alisema watoto saba wanamtosha.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Mililita 210 kwa sekunde 15. Mkojo uliobaki, 25. Nikamwambia aje kila mwaka kwa PSA na kipimo cha kidole. Akaniangalia kama mteja aliyeletewa bili mara mbili.

"Tezi si imetolewa, dokta?"

Nje ya dirisha kulikuwa na kijana wa toroli la machungwa ya Muheza, amepanga yaliyomenywa, meupe kwa ngozi ya ndani. Nikamwonyesha. Kilichotolewa kwake ni vipande vya ndani ya chungwa. Ile ngozi nyeupe imebaki, na hiyo ndiyo kanda ya pembeni, ambayo mpasuaji hakuigusa kwa sababu haikuwa inabana chochote. Saratani ikiamua kuja, itakuja huko, na mkojo utaendelea kutoka mililita 14 kwa sekunde kama kawaida.

Akakunja cheti kipya mara nne, akakiweka mfukoni. Mlangoni akageuka kuuliza kama lile jagi anaweza kulichukua, maana la kwake mkewe alikwisha kulitupa.